Uzi: RQD asilimia 60 kwenye mwamba uliooza, mlimani Mabatini. Je, unachimbika kwa mashine au hauchimbiki?

#1 Msimamizi_Mabatini
Wakuu, habari za jioni. Ninasimamia uchimbaji wa msingi wa jengo la ghorofa kwenye mteremko wa Mabatini hapa Mwanza. Tunatakiwa kukata mlima hadi kina cha mita 6 upande wa juu. Ripoti ya uchunguzi inasema kwamba kati ya mita 4.5 na 6 kuna matale yaliyooza kwa kiasi, RQD, yaani kipimo cha ubora wa mwamba, asilimia 60, na inauita mwamba huo wa wastani. Mkandarasi anadai alipwe bei ya mwamba mgumu na aruhusiwe kulipua. Mwenye jengo naye anasema kwamba kama ripoti imeandika wastani, basi ekskaveta inatosha na hakuna senti itakayoongezeka. Kila mmoja ameshika ukurasa uleule wa ripoti. Naomba wenye ujuzi wanisaidie, namba hii inampa haki nani?

#2 Kijiko_Nyakato
Haimpi haki mtu yeyote. Nimeendesha ekskaveta katika vilima vya Mwanza kwa miaka mingi, na sijawahi kuona jino la ndoo likisoma ripoti. Shusha ndoo, vuta. Jino likipata ufa wa kuingia, mwamba utatoka hata ukiwa mgumu. Lisipopata ufa litateleza juu ya jiwe na kutoa cheche, na hapo utaita breka, nyundo ya mashine ya kuvunjia mawe. Mengine ni makaratasi ya watu wa ofisini.

#3 Mchorongaji_Mstaafu
Ndugu wa #2 amesema kweli kuhusu ufa, lakini amekosea kuyadharau makaratasi, kwa sababu RQD kimsingi ni hesabu ya nyufa hizohizo anazozitafuta kwa jino. Don Deere wa Chuo Kikuu cha Illinois alipoileta miaka ya 1960, alitaka kitu chepesi: jumlisha urefu wa vipande vyote vya sampuli vilivyofika sentimita 10 au zaidi, gawanya kwa urefu wote uliochorongwa. Tatizo ni kwamba watu huipokea namba ikiwa imeshapikwa, bila kuuliza nani alishika futi.

Msimamizi, usituletee asilimia 60. Nenda kwenye sanduku la sampuli, pima kipande kimoja kimoja kutoka mita 4.5 hadi 6, kisha utuandikie hapa. Utueleze pia kama bomba la kuchorongea lilikuwa la kuta mbili au la ukuta mmoja, maana la ukuta mmoja husaga mwamba uliooza na kukupa RQD mbovu kuliko ilivyo ardhini.

#4 KisimaChetu
Nashukuru kwa uzi huu. Mimi nina kiwanja Buswelu, je, RQD ya asilimia 60 ina maji ya kutosha familia ya watu wanane au nichoronge kina zaidi?

#5 Kijiko_Nyakato
Mwenzetu wa #4, hapa tunataka mwamba utoke, wewe unataka maji yatoke.

#6 Mtoto_wa_Geita
Msimcheke. Mwamba wenye RQD ndogo ndio mara nyingi wenye nyufa za kupitisha maji, kwa hiyo kwa mtu wa kisima namba mbaya inaweza kuwa habari njema, mradi nyufa hizo hazijajaa udongo. Ila aanzishe uzi wake.

#7 Msimamizi_Mabatini
Nimerudi kutoka kwenye sanduku. Bomba lilikuwa la kuta mbili. Katika mita 1.5 zilizochorongwa, sampuli iliyopatikana ni sentimita 138. Vipande kwa mpangilio, kutoka juu kwenda chini, ni sentimita 32, 14, 12, 9, 8, 8, 7, 21 na 11. Kilichobaki ni changarawe na vigae vidogo. Nimeona mambo mawili. Kipande cha 9 na kinachokifuata cha 8 vinaungana barabara, na nyuso zake ni nyeupe, safi, hazina kutu. Kipande cha 21 kina rangi ya kahawia kote, na nilipokibana kwa mikono miwili kilikatika, kikaacha mchanga viganjani.

#8 Mchorongaji_Mstaafu
Sasa tunaweza kuzungumza. Aliyeandika ripoti amejumlisha 32, 14, 12, 21 na 11, akapata 90, akagawa kwa 150, akapata asilimia 60. Hesabu yake ni sahihi, na angalau hakugawa kwa 138, kosa ambalo lingempa 65.

Lakini kile kipande cha 21 hakikustahili kuhesabiwa. Sharti la Deere ni kwamba kipande kiwe kigumu na kizima, si kirefu tu, na jiwe linalokatika kwa mikono si zima. Likitolewa, zinabaki 69 kwa 150, yaani asilimia 46. Upande wa pili, zile 9 na 8 zenye nyuso safi zilivunjwa na mashine au na kijana aliyekuwa akigonga bomba kutoa sampuli. Ufa wa asili katika mwamba kama huu ungekuwa na kutu au utando wa udongo. Kwa hiyo vinahesabiwa kuwa kipande kimoja cha 17, na jumla inakuwa 86, sawa na asilimia 57.

Kwa mwamba uleule, sanduku lilelile, umepata 60, 46 na 57. Mimi nitasimama na 57.

#9 Mhandisi_Kijana
Asante mzee kwa ufafanuzi. Naongeza kwamba RQD peke yake haitoshi, lazima tuingie kwenye RMR, mfumo wa Bieniawski wa kuupa mwamba alama, wa 1973 kama ulivyorekebishwa 1989. Nimejaribu kwa makadirio yangu. Nguvu ya jiwe nimechukua MPa 60, alama 7. RQD 57, alama 13. Nafasi kati ya nyufa ni sentimita 6 hadi 20, alama 8. Nyuso za nyufa zina ukwaruzo kidogo na zimeoza sana, ila hazijaachana zaidi ya milimita 1, alama 20. Maji, unyevunyevu tu, alama 10. Jumla ni 58, daraja la tatu. Kwa utafiti wa Abdullatif na Cruden wa 1983, mwamba chini ya 30 unachimbwa kwa ndoo, 30 hadi 60 unang'olewa kwa ripa, lile jino refu la tingatinga, na zaidi ya 60 unalipuliwa. Basi jibu ni ripa, kulipua hakuhitajiki.

Kuhusu kuukinga ukuta usiporomoke, jedwali la daraja la tatu linataka nondo za mita 4 kwa nafasi ya mita 1.5 hadi 2, pamoja na zege la kupuliza. Mwenye jengo aandae bajeti hiyo.

#10 Mtoto_wa_Geita
Mhandisi, hilo jedwali la nondo mbona limetungwa kwa handaki? Upana wa mita 10, umbo la kwato ya farasi, limechimbwa kwa kulipua. Msimamizi anakata mlima ulio wazi juu. Huwezi kuchukua nondo za paa la handaki ukazipiga kwenye ukuta wa msingi ati kwa sababu alama zimelingana.

Nasema hivi kwa sababu huku kwetu nimeona mtu aliyesoma akilileta jedwali hilo kwenye duara la wachimbaji wadogo, upana wake usiozidi mita moja na nusu. Akawaambia waliokuwa ndani kwamba mwamba ni daraja la nne na unahitaji nondo za mita 4. Nondo hiyo ungeigeuzia wapi humo ndani? Wachimbaji waliendelea na matimba yao, wakasogeza fremu karibukaribu palipokuwa na udongo mwekundu na kuzipa nafasi palipokuwa na jiwe zima. Sisemi kwamba matimba yanatosha kila mahali, maana yapo maduara yaliyofukia watu, ila upana wa tundu ni sehemu ya swali.

#11 Mhandisi_Kijana
Nimekuelewa kuhusu nondo. Lakini kuhusu ripa nabaki na msimamo wangu, 58 iko chini ya 60.

#12 Bi_Miamba
Shikamoo mzee Mchorongaji, na habari zenu wengine. Mimi ni mjiolojia, na nina wasiwasi kuhusu hiyo 58 kuliko kuhusu RQD.

Alama iliyobeba mzigo mkubwa hapo ni ile 20 ya hali ya nyufa, nayo imetolewa kwa kutazama nyuso za sampuli ambazo maji ya kuchorongea yamekwisha kuziosha. Matale yetu yanapooza, udongo laini hukaa ndani ya nyufa. Shinikizo la maji likipita, udongo unaondoka, na ufa unafika sandukuni ukiwa umenawa uso. Kama ardhini kuna udongo laini wa milimita chache ndani ya nyufa hizo, alama si 20 bali ni 10. Msimamizi, uliza kama mchorongaji aliandika rangi ya maji yaliyokuwa yakirudi juu na mahali maji yalipopotea, kwa sababu huko ndiko udongo ulikopita.

Halafu kuna maji. Uchunguzi ulifanyika mwezi gani? Kama ulikuwa wakati wa kiangazi, unyevunyevu wa Agosti wenye alama 10 unaweza kuwa matone ya masika yenye alama 4. Tuchukue pia RQD ya 46, kwa sababu mimi sikubaliani na mzee, na nitaeleza. Sasa jumlisheni upya: 7, 8, 8, 10 na 4. Inakuwa 37, daraja la nne. Tumetoka 58 hadi 37 bila mtu yeyote kudanganya.

#13 Mchorongaji_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Hoja ya udongo kuoshwa naikubali kabisa, nimeyaona maji hayo yakirudi kama chai ya maziwa kisha sampuli inatoka safi. Lakini 46 unaipataje wakati 9 na 8 zinaungana mbele ya macho ya msimamizi?

#14 Bi_Miamba
Kwa sababu kuungana peke yake si ushahidi wa mashine. Matale yana udhaifu wa asili unaofuata mpangilio wa madini yake, na jiwe lililoanza kuoza hukatika hapo kirahisi, uso ukabaki mweupe. Mashine ilikuwa ya mwisho kuligusa, lakini huenda udhaifu ulikuwepo tayari. Katika jiwe bichi ningeviunganisha bila kusita. Katika jiwe lililooza kiasi hiki ninaviacha mbalimbali, na ninaandika pembeni kwamba nimeviacha.

#15 Mchorongaji_Mstaafu
Kwa utaratibu huo utawanyima wakandarasi wote haki yao ya mwamba mgumu. Nyuso safi ni za mashine, hivyo ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha.

#16 Kijiko_Nyakato
Wazee wanagombania sentimita 17 na mimi bado sijaambiwa nilete breka au nisilete. Msimamizi, hiyo mita 4.5 hadi 6 ni ya tundu moja. Matundu mengine yanasemaje? Maana Mwanza unaweza kuchimba udongo mtupu huku, na hatua kumi pembeni ukakuta jabali ukubwa wa lori.

#17 Msimamizi_Mabatini
Ahsanteni sana. Uchunguzi ulikuwa Agosti, na rangi ya maji haikuandikwa popote. Matundu yalikuwa matatu. Nililoeleza ni la pili. La kwanza linafanana nalo. La tatu, lililo upande wa juu wa mlima, liko hivi: udongo hadi mita 3.2, kisha mwamba mzima RQD 100 hadi mita 5.4, kisha kati ya 5.4 na 6.1 wamepata mchanga wenye changarawe, RQD 0, kisha mwamba tena RQD 80 hadi mwisho wa tundu, mita 8. Ripoti imechukua wastani wa tundu hilo na kuuita mwamba mzuri.

#18 Bi_Miamba
Hapo ndipo penye kesi yenu, na sishangai kwamba imefichwa ndani ya wastani.

Hiyo mita 3.2 hadi 5.4 siamini kwamba ni mwamba mama. Ni jabali lililobaki zima wakati matale ya kulizunguka yakioza. Mawe mnayoyaona yamebebana juu ya vilima vya Mwanza, na Jiwe la Bismarck lililosimama ziwani, yalipata umbo la namna hiyo: kuoza kuliingia kupitia nyufa na kula pembe, kitovu cha kila bonge kikabaki, kisha mvua ikaondoa mchanga. Mlimani kwenu mchanga haujaondoka bado, kwa hiyo majabali yamezikwa.

Msimamizi anaweza kulithibitisha sandukuni. Atazame ncha ya juu ya mwamba pale 3.2 na ncha ya chini pale 5.4. Kama kote kuna ganda la kahawia la sentimita kadhaa, na katikati jiwe ni bichi la kijivu, basi ni jabali lenye maganda pande zote. Mwamba mama ungekuwa na ganda juu, kisha ungezidi kuwa mbichi kadiri unavyoshuka. Na hata ile mita 6.1 hadi 8 siiamini, kwa sababu mita 1.9 ya mwamba haitoshi kusema tumefika chini. Inaweza kuwa jabali la pili. Mahali penye majabali ningechoronga mita 5 ndani ya mwamba mzima kabla ya kusimamisha mashine.

Ndiyo maana alama za RMR hazitajibu swali la mkandarasi. Jabali hilo lina RQD 100, chini yake mchanga una 0, na wastani wake haupo mahali popote ardhini. Ripa itaingia kwenye mchanga bila shida, kisha itagonga jabali ambalo halina ufa wa kuingiza jino, na jabali litabiringika bila kupasuka.

#19 Kijiko_Nyakato
Dada amesema nilichokuwa nikisema tangu #2, tofauti ni kwamba yeye ana sababu. Jabali la mita mbili ndoo yangu hailibebi. Ama nilisukume pembeni kama pana nafasi, ama breka ilivunje, na Mabatini nafasi hiyo hakuna, kuna nyumba za watu chini.

#20 Mhandisi_Kijana
Basi turudi kwenye kulipua. Kama majabali yapo na RQD yake ni 100, mkandarasi ana haki ya bei ya mwamba mgumu.

#21 Mtoto_wa_Geita
Haki ya bei ni kitu kimoja, kulipua ni kingine. Jabali lililokaa ndani ya mchanga halilipuki vizuri kama uso wa mwamba. Nguvu ya baruti inakimbilia kwenye mchanga, na kipande kinaweza kuruka. Katikati ya makazi hata kibali chenyewe utakipata kwa tabu. Watu wa kokoto hapo Mwanza wanachoma mwamba kwa moto kisha wanaupasua kwa nyundo, ila kwa msingi wa ghorofa moshi huo majirani hawatauvumilia. Toboa mashimo kwa jekihama, jaza kemikali ya kupasulia mwamba inayovimba polepole, kisha breka imalizie.

#22 Mchorongaji_Mstaafu
Kwenye bei, mkataba wenu unasoma RQD au unasoma ujazo wa jiwe? Mikataba mingi huweka kiasi cha mita za ujazo ambacho jiwe likikizidi linalipwa kama mwamba. Kama wenu una kifungu hicho, ugomvi wa 46 na 57 hauna faida, kila jabali lipimwe likiwa limefunuliwa na msimamizi pamoja na mkandarasi waweke sahihi.

#23 Msimamizi_Mabatini
Mkataba unasema tu "mwamba unaohitaji kulipuliwa au breka", haukutaja ujazo. Nimekwenda kutazama tundu la tatu. Ganda la kahawia lipo juu na lipo chini, la chini ni nene zaidi.

#24 Bi_Miamba
Basi ni jabali. Kwa kifungu kama hicho, chimbeni shimo la majaribio pale penye tundu la pili na jingine penye la tatu, kwa ekskaveta ileile itakayofanya kazi, na muandike kwa kila mita ilichukua muda gani na jino lilikwama wapi.

Lakini kuna jambo mmelipita wote. Ukuta wa juu wa mita 6. Matale ya vilima hivi yana nyufa za maganda zinazolala sambamba na mteremko, zikiinamia ziwani. Mkikata mguu wa mlima, mnazifungua nyufa hizo usoni, na kila ganda linabaki limekaa juu ya jingine bila kizuizi mbele yake. Tundu la wima haliwezi kukwambia zinainama upande upi. RMR ya Bieniawski kwa miteremko inakata alama 50 kwa mwelekeo mbaya. Ukikata 50 kutoka 58 ya Mhandisi inabaki 8, namba ambayo haina maana ya kukusaidia kujenga. Romana mwaka 1985 alitengeneza marekebisho yanayopima kwa pembe halisi za ufa na za ukuta, pamoja na namna ulivyochimbwa, ambapo ulipuaji mbovu unapunguza alama. Kabla ya hapo, mtu achukue dira apime mwinamo kwenye mwamba ulio wazi hapo juu.

#25 Mchorongaji_Mstaafu
Maganda hayo si kila mahali yanainamia ziwani. Upande wa pili wa kilima nimeyaona yakilala karibu tambarare, na ukuta wa mita 5 umesimama bila nondo hata moja.

#26 Bi_Miamba
Upande wa pili, mzee, ndiyo hoja yangu. Msimamizi yuko upande upi?

#27 Msimamizi_Mabatini
Tuko upande unaotazama ziwa. Kesho naazima dira. Mkandarasi amekubali mashimo ya majaribio, ila anataka alipwe saa za mashine, na mwenye jengo bado anasema wastani ni wastani.

#28 Kijiko_Nyakato
Mwenye jengo aje asimame kando ya shimo la tatu nikifika mita 3.2. Na mashine iwe ya tani 20 au zaidi. Ukileta ndogo ikashindwa, mkandarasi ataandika mwamba mgumu kwa sababu ya udogo wa mashine yake.

#29 KisimaChetu
Ule mchanga wa kati ya mita 5.4 na 6.1, ulikuwa na maji?

#30 Bi_Miamba
Hilo ni swali zuri kuliko unavyodhani. Msimamizi, tia bomba la kupimia maji kwenye tundu la tatu kabla halijazibwa. Kama masika maji yanapita chini ya jabali hilo, ukuta wako wa juu utakuwa umekalia mchanga uliolowa.